Ovalodi Ilikuwepo, Mota Ikaungua

Mota iliyoungua ina harufu yake. Ni harufu ya vanishi iliyopikwa, nzito, yenye utamu fulani unaokera, na ikishashika shati haitoki mpaka ufue. Ndiyo iliyonipokea mlangoni kwa mzee mmoja anayesuka mota pale Kibaigwa, mkoani Dodoma, msimu ambao malori ya mahindi yanapanga foleni kuelekea sokoni. Mezani kwake palikuwa na mota ya kilowati 15, ile ambayo wenye mashine wanaiita ya hospawa 20, imefunguliwa vifuniko vyote viwili na rota imewekwa pembeni juu ya gunia. Mwenye mota, mama anayesaga na kukobolea watu nafaka, alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Ilikuwa mara yake ya pili kuleta mota ileile kusukwa ndani ya mwaka mmoja.

"Fundi, niliambiwa nikifunga ovalodi mota haiungui," aliniambia, salamu zenyewe hazijaisha. "Nimefunga. Nimelipa. Sasa hii ni nini?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Na kwa kuwa swali lake nimeulizwa na wengine wengi wenye mashine, acha nilijibu kwa kirefu, kwa kuifuata mota hiyohiyo moja kutoka mezani kwa mzee mpaka ilipofungwa tena na kuanza kusaga.

Mzee alianza kwa kutuonyesha koili. Ukichungulia ndani ya mota iliyofunguliwa utaona chuma chenye mifereji pande zote, na ndani ya mifereji hiyo zimepangwa nyaya za shaba zilizopakwa vanishi, zimefungwa kwa uzi vichwani. Vanishi ile nyembamba ndiyo inayozuia shaba isiguse shaba. Ikiungua, waya unagusana na jirani yake, umeme unapata njia ya mkato, na mota imekwisha. Sasa, namna koili zilivyoungua inasema mengi kuhusu kilichoziua. Umeme wa njia tatu, ambao mafundi tunauita thrii fezi, unaingia kwenye makundi matatu ya koili. Mota iliyopoteza fezi moja huku ikizunguka huungua kwa mafungu: utakuta baadhi ya koili ni nyeusi tii na jirani zake bado zina rangi ya asali kama zilivyotoka dukani. Kwenye mota iliyoungwa kwa mtindo wa delta, mara nyingi ni theluthi moja tu ya koili iliyoungua. Kwenye iliyoungwa kwa nyota, ni theluthi mbili.

Ya mama haikuwa hivyo. Koili zake zote zilikuwa nyeusi sawasawa, mzunguko mzima, kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. "Hii imechoshwa," mzee alisema. "Imebeba mzigo kuliko uwezo wake, na imebeba kwa muda mrefu."

Hapo ndipo ovalodi inapopaswa kuingia. Lakini kabla ya kuishika ovalodi, inafaa tuelewe joto lenyewe linatoka wapi.

Kwenye ubavu wa kila mota kuna kibati cha maelezo. Cha mota hii kilisomeka kilowati 15, volti 400, ampea 28.5, mizunguko 1460 kwa dakika. Watu wengi huziona kilowati 15 na kudhani huo ndio umeme unaoingia. La. Hizo ni nguvu zinazotoka kwenye shafti kwenda kwenye mikanda. Umeme unaoingia, mota ikiwa na mzigo wake kamili, ni karibu kilowati 16.8. Tofauti ile, kama kilowati 1.8, haifanyi kazi yoyote ya kusaga. Inageuka joto ndani ya chuma. Ni sawa na kuwa na jiko la umeme linalowaka ndani ya mota kutwa nzima. Watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo maana wameweka mapezi nje ya mota na feni nyuma yake, ili joto litoke kwa kasi ileile linayozaliwa.

Sehemu kubwa ya joto hilo inazaliwa kwenye nyaya za shaba zenyewe, nalo halipandi sambamba na mkondo wa umeme. Linapanda kwa mkondo mara mkondo. Ukiongeza ampea kwa moja ya tano, joto la nyaya halizidi kwa moja ya tano bali kwa asilimia 44. Ukiziongeza ampea mara mbili, joto linakuwa mara nne. Feni nayo haiongezi hata pumzi moja, kwa sababu imefungwa kwenye shafti ileile na inazunguka kasi ileile.

Na mota hii ya kawaida haijui kukataa kazi. Ukiilemea, inapungua kasi kidogo tu, kiasi ambacho sikio la mteja halikisikii, na kwa kupungua huko inavuta umeme zaidi ili kuumudu mzigo. Itaendelea kuvuta, ikiongeza na kuongeza, mpaka ilemewe kabisa na kusimama. Kati ya mzigo wake halali na pale inapolemewa kabisa kuna nafasi kubwa, maana mota nyingi zinaweza kwa muda mfupi kubeba hata mara mbili ya mzigo wao. Mashine za kusaga huungulia kwenye nafasi hiyo. Unga unatoka, wateja wanahudumiwa, kila kitu kinaonekana kizuri, na ndani vanishi inapikwa.

Vanishi ina kiwango chake cha kuvumilia. Kwenye kibati utakuta herufi B, F au H. Mota nyingi za siku hizi ni F, maana yake nyaya zake zinavumilia mpaka nyuzi joto 155. Kuvumilia huko lakini ni kwa muda. Kanuni ya zamani ya watu wa mota inasema kila nyuzi 10 zinazozidi kiwango hicho zinakata maisha ya vanishi kwa nusu. Kwa hiyo mota haifi siku ile unayoona moshi. Ilianza kufa miezi kabla, kila Jumamosi kwenye foleni ndefu, na moshi ni taarifa ya msiba tu.

Basi tukaenda kwa mama kuitazama mashine yenyewe. Ni ya nyundo, kama zilivyo nyingi: vipande bapa vya chuma vinavyoning'inia kwenye sahani zinazozunguka, vikipiga mahindi mpaka yawe unga wa kupita kwenye tundu za chekeche. Kijana wa mashine alikuwa amefungua kibao cha hopa mpaka mwisho, kama alivyozoea. Chekeche lilikuwa lile laini kabisa, kwa sababu wateja wa hapo wanapenda dona iliyosagika vizuri. Nikazitazama nyundo. Pembe zake, ambazo zilipaswa kuwa kali kama pembe za tofali jipya, zilikuwa zimeviringika kama sabuni ya wiki ya pili.

Viweke vitu hivyo pamoja. Nyundo butu haipasui punje kwa pigo moja. Inaisukuma na kuisugua. Chekeche laini haliruhusu unga kutoka upesi, na mahindi yakiwa na unyevu tundu zake zinaziba kabisa. Unga unabaki ndani, unazungushwa na nyundo tena na tena kama uji mzito unaokorogwa. Nguvu ya kuuzungusha inatoka kwenye mota. Na juu huko kibao kimefunguliwa, mahindi yanazidi kumiminika. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho peke yake kingeiua mota ile, lakini vilikuwa vitatu.

Mama alikuwa na fyuzi nzuri kwenye boksi, za ampea 63, na alitaka kujua kwa nini nazo hazikukatika. Jibu ni kwamba fyuzi haiwezi kuona kosa la aina hii. Mota inapoanza kuzunguka kutoka kusimama huvuta umeme mwingi mno, mara sita au saba ya ule wa kwenye kibati kama ikiwashwa moja kwa moja. Hata ikiwashwa kwa stata ya sta-delta, inayoanza polepole kwa nyota kisha kuhamia delta, bado huvuta zaidi ya mara mbili kwa sekunde kadhaa. Fyuzi lazima ivumilie mruko huo, la sivyo ingekatika kila asubuhi. Kwa hiyo inawekwa kubwa. Na fyuzi ya ampea 63 ikipitisha ampea 36 haijisikii chochote, ingawa kwa mota ya ampea 28.5 hizo 36 ni sumu ya polepole. Fyuzi ipo kwa ajili ya shoti. Kwa ajili ya kulemewa kunahitajika kitu chenye subira: kinachokubali mruko wa sekunde chache, lakini kinachokataa ziada ndogo ikiendelea kwa muda mrefu.

Kitu hicho ndicho ovalodi, na kilichomo ndani yake ni rahisi kuliko wengi wanavyofikiri. Mzee wa kusuka mota alikuwa na moja mbovu kwenye kopo lake la vyuma chakavu, nikaomba niibandue ubavu. Ndani kuna vipande vitatu vya bati, kimoja kwa kila fezi, urefu wake hauzidi kidole. Kila kimoja kimezungushiwa waya, na umeme wa mota hupita kwenye waya huo. Bati lenyewe si la chuma kimoja. Ni aina mbili za chuma zilizobanwa mgongo kwa mgongo, moja ikipata joto hurefuka sana, nyingine hurefuka kidogo. Kwa kuwa zimeshikana, haziwezi kurefuka kila moja kwa kiasi chake, basi bati zima linapinda. Nililisogezea kiberiti cha gesi, na mama akaona kwa macho yake: ncha ya bati ikasogea taratibu kama mtu anayegeuza shingo, na nilipozima moto ikarudi ilikotoka. Ni ufundi wa zamani sana huo. Mtengeneza saa Mwingereza, John Harrison, aliutumia kwenye karne ya 18 ili saa yake ya baharini isiharibiwe na joto na baridi.

Ncha za mabati hayo matatu zinasukuma kijiti kimoja cha plastiki. Kijiti kikisogea vya kutosha, kinafyatua swichi ndogo yenye namba 95 na 96. Hapa kuna jambo ambalo hata baadhi ya mafundi hulichanganya: ovalodi haikati umeme wa mota kwa mkono wake. Nyaya nene za mota zinapita ndani yake bila kukatwa. Inachokata ni ule mkondo mdogo unaoshikilia kontakta. Kontakta ikinyimwa mkondo huo inaachia, na kontakta ndiyo inayoitenga mota na umeme. Ndiyo maana mtu akiunga kipande cha waya kutoka 95 kwenda 96, jambo nililolikuta kwenye mashine zaidi ya moja, ovalodi itaendelea kupata joto, kupinda na kufyatuka kama kawaida, na mota itaendelea kuungua kama kawaida.

Subira yake inatoka kwenye joto hilohilo. Bati halipati moto papo hapo. Linahitaji muda, kama mota yenyewe inavyohitaji muda. Kwa hiyo mruko wa kuwasha unapita kabla bati halijapinda vya kutosha. Kiwango cha kimataifa cha vifaa hivi kinasema ovalodi ikibeba mkondo unaozidi kipimo chake kwa asilimia 5 isikate hata baada ya saa mbili, na ukizidi kwa asilimia 20, huku ikiwa tayari ni ya moto, lazima ikate kabla ya saa mbili kwisha. Kadiri ziada inavyokuwa kubwa ndivyo inavyokata mapema. Ile ya aina ya kawaida, inayoandikwa 10 ubavuni, mota ikigoma kuzunguka huku inavuta zaidi ya mara saba ya kipimo, hukata ndani ya sekunde 10.

Lakini kipimo hicho ni kipi? Ni kile kinachowekwa kwa kuzungusha kidude chenye mshale kwenye uso wa ovalodi. Na hapo ndipo tulipompata mchawi wetu.

Mota ilipomaliza kusukwa tuliifunga, tukaiwasha, na nikamwomba kijana alishe mashine vilevile anavyofanya siku zote. Nikabana mita kwenye waya mmoja unaotoka kwenye mita ya umeme kuingia kwenye stata: ampea 36. Nikabana wa pili na wa tatu: karibu sawa. Mama aliziona namba. Kisha nikahamia ndani ya boksi, nikabana mita kwenye waya unaopita kwenye ovalodi kwenda kwenye mota. Ikasoma 21.

"Na hizo nyingine zimekwenda wapi?" mama akauliza. Sijapata kuulizwa swali zuri kuliko hilo mbele ya boksi la stata.

Stata ya sta-delta inapeleka nyaya sita kwenye mota, si tatu. Mashine ikishashika kasi na kuhamia delta, kila waya unaotoka nje unagawanyika kulisha makundi mawili ya koili. Ungetegemea kila kundi lipate nusu, yaani 18. Lakini mikondo ya fezi haifiki kileleni kwa wakati mmoja, inapokezana, kwa hiyo hesabu yake si kugawa kwa mbili bali kwa 1.73. Ampea 36 ukizigawa kwa 1.73 unapata karibu 21. Ovalodi kwenye boksi hilo ilikuwa imefungwa ndani, upande wa koili, mahali ambapo inaona 21 tu wakati nje panapita 36.

Na kidude chake kilikuwa kimegeuzwa kwenye 28.

Fundi aliyeiweka hakuwa mzembe. Alisoma kibati, akaona 28.5, akaweka namba hiyo sahihi mahali pasipo pake. Kwa mahali pale ovalodi ilipofungwa alipaswa kugawa 28.5 kwa 1.73, apate 16.5. Angalia matokeo ya kosa hilo. Ovalodi iliyowekwa 28 upande wa koili inaruhusu nje kupite zaidi ya ampea 48 bila kulalamika. Mota ya mama ilikuwa inavuta 36, joto la nyaya zake limezidi kwa asilimia 60, na mlinzi wake amekaa kwenye kiti akiamini kwamba mambo ni shwari. Asingekata leo wala mwakani.

Kibaya zaidi, namba za ovalodi ile zilianzia 23 kuishia 32, haikuwa na 16.5 kabisa. Ilibidi mama anunue nyingine ya 12 mpaka 18. Alinung'unika kidogo, halafu akauliza bei ya kusuka mota kwa mara ya tatu ingekuwa kiasi gani, akaacha kunung'unika.

Naonya hapa kwamba si kila sta-delta imefungwa hivyo. Kuna maboksi ambayo ovalodi imewekwa nje, kabla umeme haujagawanyika, na hapo namba ya kibati inatumika kama ilivyo. Kadhalika mota ndogo inayowashwa moja kwa moja bila sta-delta. Hakuna njia ya kujua kwa kukisia; lazima uufuate waya kwa kidole, au ubane mita mahali pote pawili kama tulivyofanya.

Tulipofunga ovalodi mpya na kuiweka 16.5, kijana akalisha mashine kama kawaida yake. Gunia la kwanza lilikuwa halijaisha, mashine ikazima. Wateja wakapiga kelele. Kijana akakimbilia kwenye boksi, akabonyeza kitufe cha kurudisha, kikagoma, akabonyeza tena. Kilikuwa hakijapoa. Kisha akanigeukia, kwa heshima zote: "Shikamoo fundi, samahani, hii si tuiongeze tu kidogo? Iende 18?"

Ni ushauri ambao kila mwenye mashine atapewa na mtu siku moja. Hesabu yake ni hii: 18 upande wa koili ni ampea 31 nje, na joto la nyaya linapanda kwa karibu asilimia 20 juu ya lile mota iliyoundiwa. Haitaungua wiki hii. Ndiyo hatari ya ushauri huo.

Na kitufe nacho kina lake. Bati la ovalodi ni dogo, linapoa kwa dakika chache. Mota ni chuma cha kilo zaidi ya mia, inapoa taratibu. Ukibonyeza na kuwasha mara tu kitufe kinapokubali, unaiwasha mota ambayo bado ni ya moto, na kule kuwasha kwenyewe kunaongeza joto jingine. Ukirudia mara tatu au nne mfululizo unaweza kuiunguza mota huku ovalodi ikifanya kazi yake kila mara bila kosa. Ndiyo sababu pia kile kiswichi cha kuchagua ijirudishe yenyewe au irudishwe kwa mkono, kwenye mashine ya kusaga kikae upande wa mkono. Mashine inayojiwasha yenyewe wakati kijana ameingiza mkono kuzibua chekeche ni balaa ya aina nyingine.

Badala ya kuongeza namba, tukapunguza mzigo. Nyundo zile zina pembe nne, na zilikuwa zimelika upande mmoja tu. Tukazigeuza, pembe mpya zikaangalia mbele. Kibao cha hopa tukakiwekea alama ya chaki, kisipite hapo. Mahindi yenye unyevu yakaambiwa yasubiri jua. Nikabana mita tena nje: ampea 27. Upande wa koili: chini ya 16. Mashine ikasaga mpaka jioni bila kukata, na unga kwa saa haukupungua kwa kiasi ambacho mama angeweza kukitaja, maana nyundo kali zinafanya haraka kazi ambayo nyundo butu zilikuwa zinaihangaikia.

Sitaki msomaji aondoke akidhani ovalodi ikiwekwa sawa imemaliza yote. Yapo mambo inayoyaona vizuri. Umeme ukishuka jioni, labda kutoka volti 400 hadi 360 kwa sababu mashine iko mwisho wa laini, mota yenye mzigo uleule itavuta ampea zaidi kufidia, na ovalodi itaziona. Fezi moja ikikatika, mara nyingi kwa fyuzi moja kuungua nje, mota inayozunguka inaendelea kuzunguka kwa fezi mbili, ikinguruma, na mkondo kwenye nyaya zilizobaki unapanda kuelekea mara 1.73. Ovalodi nyingi za sasa zina vijiti viwili vinavyolinganisha mabati yale matatu. Bati moja likiwa baridi wakati mengine yanapinda, hukata mapema zaidi.

Asichokiona ni joto lisilotokana na ampea. Ovalodi haigusi mota. Inakisia joto la mota kwa kuangalia mkondo tu, ikiamini kwamba feni inapuliza na mapezi yako wazi. Kwenye mashine ya kusaga imani hiyo mara nyingi si ya kweli. Unga unaruka kila mahali, unaingia kwenye wavu wa feni, unajaa kati ya mapezi, na ukipata unyevu wa usiku unaganda kama plasta. Niliwahi kuikuta mota imefunikwa gunia "isiingie vumbi". Mkondo ni wa kawaida, ovalodi imetulia, na ndani mota inaiva kama muhogo uliofunikwa. Dawa ya hilo ni brashi na kitambaa kila jioni, umeme ukiwa umezimwa. Mota nyingine kubwa zina vipimajoto vidogo vilivyofichwa katikati ya koili zenyewe, na hivyo ndivyo vinavyoliona joto lenyewe; ukisuka mota unaweza kumwomba msukaji akuwekee, ingawa utahitaji kifaa chake kwenye boksi.

Kwa hiyo mota ikiwa ya moto kupita kawaida, anza kwa kupima nyaya zote tatu huku mashine inasaga. Zikiwa sawa na zimezidi kibati, tafuta mzigo: nyundo, chekeche, unyevu, beringi, au mikanda iliyokazwa mno. Pima na volti pia, huenda umeme wenyewe ndio umeshuka. Ampea zikitofautiana, shida iko kwenye umeme unaoingia au kwenye koili, usisage tena mpaka fundi aione. Zikiwa sawa na ziko chini ya kibati, na bado mota inachoma, basi haipumui; angalia feni na mapezi. Kipimo hicho ni cha kufanywa na fundi, maana ndani ya boksi la stata kuna nyaya ambazo mtu akizigusa hapati nafasi ya kujifunza.

Na mota yako ikiungua, usiridhike kurudishiwa iliyosukwa na kupakwa rangi. Mwambie mzee wa kusuka asitupe zile koili za zamani mpaka umeziona. Kama zote ni nyeusi sawasawa, nenda moja kwa moja ukaisome namba iliyo kwenye ovalodi yako.